Nimebadilisha chakula kwenye sahani ya picha ya menyu, mbona hakijakaa?

#1 Mchora Menyu
Wakuu habari. Nina picha ya menyu ya mgahawa: meza ya mbao nyeusi, sahani nyeupe, glasi ya maji nyuma kulia, uma na kisu. Mwanga wa dirisha unatoka nyuma upande wa kushoto na ukuta wa nyuma una giza. Kwenye sahani kulikuwa na kuku wa mchuzi wa kahawia anayefuka mvuke. Sasa kuku katolewa kwenye menyu, kaingia samaki wa mchuzi wa nyanya. Wanataka picha ileile, meza ileile, samaki akae alipokuwa kuku. Picha ya samaki wameipiga wenyewe jikoni kwa simu, chini ya taa ya dari.

Samaki nimemkata vizuri. Rangi nimelinganisha, weupe wa sahani mbili nikiupima ni mmoja. Kivuli nimeweka, mvuke nimeongeza. Bado anaonekana kama stika iliyobandikwa. Mteja kaangalia akasema tu "hakijakaa." Ni kitu gani hasa kinachoisaliti picha?

#2 Brashi Laini
Kivuli, mkuu. Wengi wanaweka kimoja wakati vinatakiwa viwili. Kipo chembamba cheusi pale samaki anapogusa sahani, upana wa pikseli chache tu, na kipo kipana chepesi kinachoelekea upande usio na mwanga. Ukiweka hicho kipana peke yake, chakula kinapaa. Dirisha lako liko nyuma kushoto, kwa hiyo kivuli kipana kije mbele kulia.

#3 Mzee wa Leya
Mnajichosha. Sahani zote mbili ni nyeupe, si ndiyo? Weka leya ya samaki kwenye Multiply. Weupe unapotea wenyewe, vivuli vyake halisi vinabaki, kingo za mchuzi zinabaki. Hakuna haja ya kukata wala kuchora kivuli. Nimefanya menyu nyingi hivyo.

#4 Jiko Moto
Habari zenu. Mimi ni mpishi, picha si kazi yangu, ila kuhusu kubadilisha chakula kwenye sahani: sahani ipashwe moto kwanza, chakula kiwekwe dakika ya mwisho. Mvuke ukikata, wapiga picha niliofanya nao kazi huloweka pamba kwa maji, wanaipasha kwenye maikrowevu na kuificha nyuma ya chakula. Inafuka vizuri tu.

#5 Brashi Laini
Jiko Moto, sahani yenyewe haipo tena, iko ndani ya picha tu. Anahariri kwenye kompyuta. Ila hiyo ya pamba ni kweli, inatumika sana.

#6 Kipima Pembe
Kabla ya kivuli, pima sahani. Sahani ya mviringo ukiitazama kutoka juu kabisa ni duara. Kadiri kamera inavyoshuka, duara linabanwa. Chukua picha ya menyu, pima upana wa sahani kutoka ukingo hadi ukingo, kisha pima kimo chake, gawanya kimo kwa upana. Fanya hivyohivyo kwa picha ya simu, halafu lete namba hapa.

#7 Mchora Menyu
Picha ya menyu: upana pikseli 1800, kimo 900. Ya simu: upana 2000, kimo 1600. Ila hilo nilishaliona mkuu. Samaki nimembana kwa Free Transform mpaka sahani yake ikalala juu ya ile ya menyu bila kupitiliza popote.

#8 Kipima Pembe
Basi tatizo lako ni hapo hapo. Ya kwanza inakupa 0.5, maana yake kamera ilikuwa juu ya meza kwa pembe ya nyuzi 30. Ya pili ni 0.8, yaani kama nyuzi 53. Kubana kunarekebisha kilicholala, yaani sahani. Kilichosimama juu ya sahani kinaharibika zaidi.

Fikiria mnofu wenye unene wa sentimita 4. Kamera ikiwa chini, kwenye nyuzi 30, ubavu wake unaonekana karibu wote, kama sentimita 3.5 hivi. Kwenye nyuzi 53 ubavu huohuo unaonekana kama sentimita 2.4 tu. Sasa wewe umeichukua hiyo 2.4 ukaibana tena ili sahani ikae sawa, ikabaki 1.5. Kwa hiyo picha inadai kumtazama samaki kutoka chini, lakini samaki ana chini ya nusu ya unene anaotakiwa kuonyesha. Jicho la mteja halijui hesabu hii, lakini linajua chakula kimekandamizwa.

Na hata ukimvuta kwa Warp arudishe unene, unachovuta ni mgongo wake. Ubavu haukupigwa picha. Haupo kwenye faili.

#9 Sharubu za Kamera
Nakubaliana na Kipima Pembe, ila namba hizo ni sahihi kamera ikiwa mbali kidogo. Picha ya simu jikoni huwa imepigwa karibu sana, pengine sentimita 30 kutoka kwenye sahani. Hapo nusu ya mbele ya sahani inavimba na ya nyuma inasinyaa. Uwiano unabaki wa makadirio, na hata pembe ikilingana, kipande cha samaki kilicho mbele kitaonekana kikubwa kuliko cha nyuma kwa namna ambayo glasi na uma hazionyeshi.

#10 Bint Rangi
Nawaheshimu wenye pembe, lakini kwangu kinachosaliti chakula chenye mchuzi ni ming'ao. Mchuzi wa nyanya wenye mafuta ni kioo kidogo. Kila mng'ao juu yake ni picha ya taa iliyokuwepo. Dirisha linaacha bamba pana, laini, lenye umbo la dirisha, na likiwa nyuma, mng'ao unakaa sehemu ya nyuma ya kila kibonge na kwenye mchuzi uliotandaa kati ya samaki na ukingo wa nyuma. Taa ya dari inaacha vidoti vidogo vikali juu ya kila mgongo.

Mchora Menyu, kuza samaki wako mpaka uone ming'ao, halafu angalia glasi ya maji pale nyuma. Glasi inaonyesha nini na mchuzi unaonyesha nini?

#11 Mchora Menyu
Glasi ina mstari mrefu mweupe upande wa kushoto. Mchuzi una vidoti vingi vya duara, vya njano kidogo. Nimegeuza samaki kulia kushoto lakini vidoti vinabaki vidoti.

#12 Bint Rangi
Kugeuza hivyo kunasaidia taa ikiwa pembeni. Taa iliyo juu itabaki juu hata ugeuze mara ngapi, na iliyo mbele haiwezi kwenda nyuma.

Hiyo njano pia ina maana yake. Mng'ao wa mchuzi haubebi rangi ya mchuzi, unabeba rangi ya taa. Ukilinganisha rangi kwa kupima weupe wa sahani peke yake, unaweza kujidanganya, kwa sababu sahani pembeni ya mchuzi mwekundu hupokea wekundu wake. Mimi napima kwenye mng'ao ambao haujaungua, nauweka ukaribie rangi ya mstari ule wa kwenye glasi. Mchuzi wenyewe nauacha ufuate.

#13 Mzee wa Leya
Bado sijajibiwa. Multiply inafanya kazi au haifanyi?

#14 Kipima Pembe
Inafanya kazi ukingoni tu. Multiply haiwezi kukifanya kitu kiwe cheupe kuliko kilicho chini yake. Chini ya samaki kuna nini? Kama kuku bado yupo, utawaona wawili. Kama umemfuta na kujaza sahani tupu yenye kivuli kidogo cha kijivu, samaki mzima anachukua ukijivu huo na ming'ao yote inazima. Mchuzi unakuwa mkavu. Menyu zako ulizofanya hivyo, nadhani chakula kilikuwa kikavu au sahani ilikuwa nyeupe kweli kweli.

#15 Mzee wa Leya
Zilikuwa keki na biskuti. Sawa, hapo nimekupata. Ila kwa ukingo wa mchuzi siachi Multiply, nawaambia.

#16 Brashi Laini
Na usiiache mkuu, kwa ukingo umesema kweli kabisa. Mchora Menyu, umesema umemkata samaki "vizuri." Mchuzi umeukata kwa ukingo mkali?

#17 Mchora Menyu
Ndiyo, kwa Pen Tool, nikalainisha maski kwa pikseli 1.

#18 Brashi Laini
Hapo na penyewe pana kasoro. Mchuzi hauishii ghafla. Ule mzito una ukingo ulionyanyuka kidogo: upande wa mwanga kuna uzi mweupe, upande wa pili kuna kivuli chembamba. Ukishaachia maji au mafuta, nje ya ukingo huo kuna utando mwembamba wa rangi ya chungwa ambao sahani inaonekana kupitia ndani yake. Pen Tool imeutupa wote.

Mimi natumia leya mbili za samaki yuleyule. Ya chini naiweka Multiply, maski yake pana, inavuka ukingo wa mchuzi kwa pikseli 30 hadi 40 kwa picha ya ukubwa wako. Kabla ya hapo naifungua kwa Levels mpaka sahani ya simu karibu na mchuzi iwe nyeupe tupu, vinginevyo utaona duara la kijivu kumzunguka samaki. Ya juu ni Normal, maski yake inaishia ndani kidogo ya ukingo, pamelainishwa. Ya chini inaleta utando na kivuli cha ukingo, ya juu inalinda mwili na ming'ao.

Halafu angalia sahani yenyewe. Kuku alikuwa na mchuzi wa kahawia. Ukingo wa sahani upande wa ndani, ule mwinuko, bado una rangi ya kahawia iliyorushwa na mchuzi wa zamani. Ulimfuta kuku lakini rangi aliyoirusha uliiacha.

#19 Mchora Menyu
Nimeangalia sasa hivi. Ni kweli, upande wa kulia wa mwinuko kuna ukahawia, na mchuzi wangu ni mwekundu. Ahsante sana kwa hilo.

#20 Brashi Laini
Uondoe kwa leya ya rangi, usipake nyeupe ukaua umbo la sahani. Weka Color au punguza Saturation pale tu, kisha rudisha wekundu hafifu sana upande uliokaribiana na mchuzi mpya. Ukiona wekundu kwa urahisi, umezidisha.

#21 Jiko Moto
Sasa nimeelewa swali, na nina la kusema. Nimekuza hiyo picha ya samaki uliyoiweka. Huo mchuzi umepoa. Juu umefanya ngozi, haung'ai sawasawa, na pale kona ya chini mafuta yameanza kuganda, kuna madoa meupe hafifu. Mmeshaongea sana kuhusu taa, ila hata mkibadilisha taa, mpishi yeyote atauona mchuzi uliokaa kaunta muda mrefu. Halafu juu yake umeweka mvuke. Chakula kilichoganda mafuta hakifuki. Hivyo viwili haviwezi kuwa kwenye sahani moja.

#22 Bint Rangi
Hii sikuifikiria. Inaweza kueleza kwa nini vidoti vyake ni vikali sehemu moja na vimefifia sehemu nyingine.

#23 Sharubu za Kamera
Tuuongelee mvuke basi. Umetumia nini?

#24 Mchora Menyu
Picha ya mvuke wa birika iliyopigwa kwenye nyeusi, nimeiweka Screen, Opacity 60. Juu ya samaki hauonekani kabisa, nikipandisha mpaka 100 unaonekana kidogo lakini panatokea kama mraba wa ukungu.

#25 Sharubu za Kamera
Mraba unatokea kwa sababu nyeusi yako si nyeusi. Screen inaongeza mwanga wowote ulio kwenye leya, na nyeusi ya kamera huwa na chembechembe na ukijivu. Fungua Levels kwenye leya ya mvuke, sogeza pointi nyeusi mpaka mandharinyuma yawe sifuri, mraba utaondoka. Ondoa na rangi, maana mvuke huchukua rangi ya mwanga uliopo na wa birika lako ulipigwa kwenye mwanga mwingine.

Kuhusu kutoonekana juu ya samaki, usipambane nao. Mvuke unaonekana ukimulikwa kutoka nyuma au pembeni na ukiwa mbele ya giza. Mbele ya sahani nyeupe hata mvuke halisi haupo machoni. Kwenye picha yako sehemu pekee ya kuonekana ni juu ya ukingo wa nyuma wa sahani, mbele ya ukuta wa giza. Anzia hapo, uende juu, ufifie kabla ya kufika mwisho wa fremu.

Mvuke wa birika pia unatoka kwa kasi kwenye tundu moja, unakuwa na shina. Wa chakula unanyanyuka kwa uvivu kutoka sehemu nyingi. Ukiupiga upya, kasi ya 1/30 hivi inakupa utando laini, 1/250 inakupa nyuzi zinazoonekana moja moja.

#26 Kipima Pembe
Swali: mvuke wa kuku umeupeleka wapi?

#27 Mchora Menyu
Sehemu ya chini imefunikwa na samaki. Ya juu nimeiacha kwa kuwa ilikuwa nzuri, nikaongeza wa birika juu yake.

#28 Kipima Pembe
Kwa hiyo una mvuke uliokatwa kiuno. Angalia pale maski ya samaki inapokutana na ukuta: mvuke wa zamani unaanzia hewani, juu ya mgongo wake. Futa wote, ujenge mmoja mpya.

#29 Sharubu za Kamera
Hapo tunapishana. Mvuke wa kuku ulipigwa na dirisha lilelile, kamera ileile, ukungu wa lenzi uleule. Hakuna mvuke utakaoukuta popote unaolingana na picha hiyo kuliko wenyewe. Mimi ningeuacha, nikaurefusha kushuka chini kwa kunakili vipande vyake mpaka uguse samaki, na wa birika ningeutupa. Ukifuta mvuke wote kwenye ukuta utabaki na kiraka cha kujaza, nacho kitaonekana.

#30 Kipima Pembe
Ukuta wa giza usio na umbo ni rahisi kujaza. Mvuke wa kuku ulikuwa unafuata umbo la kuku. Samaki ni mfupi, chanzo kimehama.

#31 Jiko Moto
Au asiweke mvuke kabisa. Samaki wa mchuzi hawezi kufuka kama supu.

#32 Mama Hesabu
Habari, mimi nina mgahawa. Mmeongelea kila kitu isipokuwa ukubwa. Sahani ya simu ina upana gani na ya menyu upana gani? Tuliwahi kulalamikiwa na wateja kwa picha ambayo mhariri aliikuza ili ijaze sahani. Mteja anakuja na menyu mkononi anakuonyesha.

#33 Mchora Menyu
Nimewauliza: ya menyu sentimita 28, ya simu 24. Samaki ana urefu wa sentimita 18.

#34 Mama Hesabu
Basi ukilinganisha sahani kwa sahani, umemfanya samaki awe na sentimita 21. Kwenye picha ya menyu sentimita moja ni kama pikseli 64, kwa hiyo samaki aliyelala kwa upana anatakiwa awe na pikseli 1150 hivi. Pima wako.

#35 Mchora Menyu
Ni 1350. Nitampunguza.

#36 Brashi Laini
Ukimpunguza sahani itabaki na uwazi mkubwa, na weupe huo utaonyesha kila kosa la ukingo. Sisemi usifanye, Mama Hesabu ana haki. Nasema jiandae.

#37 Kipima Pembe
Kwa yote haya, rahisi ni kumpiga samaki upya. Hata kwa simu. Chukua kamba ya mita moja, funga upande mmoja katikati ya sahani, mwingine kwenye simu, kamba ikaze. Kisha simu iwe sentimita 50 juu ya meza. Ule uwiano wa 0.5 ulioupima ndio huohuo: kimo cha kamera ukigawanya kwa urefu wa kamba. Zuumu badala ya kusogea, ili usirudi kwenye tatizo la Sharubu. Sahani nyeupe, dirisha nyuma kushoto, taa ya dari izimwe.

#38 Jiko Moto
Na mchuzi uwe wa moto. Kama unapoa, upakwe mafuta ya uvuguvugu kwa brashi kabla tu ya kupiga.

#39 Bint Rangi
Piga moja na karatasi nyeupe upande wa kulia na moja bila. Huwezi kujua kivuli cha kuku kilijazwa kiasi gani mpaka uone zote mbili kwenye sahani.

#40 Mchora Menyu
Wakuu, nimerudi. Wamekubali kupiga upya, nimekwenda mwenyewe na kamba. Uwiano umetoka 0.52. Dirisha nyuma kushoto, mchuzi wa moto, nimetumia iliyopigwa bila karatasi. Leya mbili za Brashi Laini, Multiply chini na Normal juu, utando wa mafuta umeonekana. Samaki ana pikseli 1160. Ukahawia nimeutoa. Mvuke wa kuku nimeuacha na kuurefusha, wa birika nimeutupa. Mteja kasema sasa hivi kimekaa. Picha hiyo hapo.

#41 Kipima Pembe
Umeona ubavu wa samaki ulivyorudi. Pembe hiyo.

#42 Bint Rangi
Kabadilisha pembe, taa na mchuzi kwa mpigo mmoja, utajuaje ni pembe? Mimi naona bamba la mng'ao nyuma ya mgongo, linafuatana na mstari wa glasi. Mchora Menyu, una fremu yoyote ya kamba ileile lakini taa ya dari ikiwa imewaka?

#43 Mchora Menyu
Ipo, nilipiga ya majaribio kabla sijazima. Nitaiweka kwenye sahani ileile na maski ileile, niilete.

#44 Sharubu za Kamera
Ukiileta, punguza na ukali wa upande wa nyuma wa samaki. Glasi imefifia kwa sababu iko nje ya fokasi, ukingo wa nyuma wa sahani umeanza kufifia, lakini mkia wa samaki ulio karibu na ukingo huo ni mkali mpaka mwisho. Simu haifanyi hivyo yenyewe. Gaussian Blur ya pikseli 2 au 3 mkiani, ukiipunguza taratibu kuja mbele.

#45 Jiko Moto
Mvuke bado ni mwingi.

#46 Mzee wa Leya
Mvuke uko sawa. Ila pale unapopita mbele ya glasi mstari mweupe wa glasi haujafifia hata kidogo, kwa hiyo mvuke unaonekana uko nyuma ya glasi wakati sahani iko mbele yake. Chukua brashi laini, tia mvuke kidogo juu ya huo mstari.